Jibu la Uongo Lina Kazi Yake: Wanafunzi Wanapotungiana Maswali

Mwambie mwanafunzi wa darasa la sita atunge swali la kuchagua kuhusu usanisinuru, bila maelezo mengine, na mara nyingi utaletewa kitu cha namna hii:

Mimea hutengeneza chakula chake kwa njia ya: A. usanisinuru B. mpira C. gari

Sayansi yake haina kosa. Ila swali lenyewe halimpimi mtu, maana hata mtoto ambaye hakuwapo darasani siku ya somo ataweka alama kwenye A. Mpira na gari vimewekwa kujaza nafasi tu. Sasa soma hili la pili, linalotoka katika mada ileile:

Mhindi ulioota kutoka punje moja sasa umemzidi mwalimu kwa urefu. Ukiukausha mpaka maji yote yaishe, sehemu kubwa ya uzito unaobaki ilitoka wapi? A. kwenye udongo B. kwenye mbolea C. kwenye hewa

Jibu ni C. Mmea huchukua kabonidayoksaidi kutoka hewani, na kwa nguvu ya mwanga wa jua huiunganisha na maji kutengeneza sukari, ambayo ndiyo inayojenga shina, majani na punje. Udongo hutoa madini ambayo mmea hauwezi kuishi bila hayo, lakini kwa uzito ni kidogo sana. Hata hivyo A inavutia. Mzee yeyote aliyelima atakwambia kwamba shamba lililochoka halizai, kwa hiyo mtoto ana sababu nzuri ya kuamini kwamba mmea hula udongo. Anayechagua A anamwonyesha mwalimu jinsi anavyofikiri, na anayechagua B vilevile.

Walimu wengi wameshajaribu kuwaambia wanafunzi watunge maswali na kubadilishana, wakapata rundo la mipira na magari, wakaacha. Naamini waliachia njiani jambo zuri. Kilichokosekana ni maelekezo machache, na karibu yote yanahusu yale majibu ya uongo. Kujua jibu sahihi ni rahisi, kwa kuwa limo kitabuni. Ili uandike jibu la uongo litakalomnasa mwenzako ni lazima ujue anakosea wapi na kwa nini, na hilo huwezi kulinakili popote.

Tuchukue darasa la wanafunzi 60, vipindi viwili vya dakika 40, bila mashine ya kurudufu karatasi. Kazi inaanza siku moja kabla ya kutunga. Mada ikiwa imeshafundishwa, mwalimu anauliza swali moja la wazi: vitu vinavyoujenga mwili wa mhindi hutoka wapi? Kila mwanafunzi anaandika jibu lake kwenye kipande cha karatasi bila jina, kisha vinakusanywa. Jioni mwalimu anavipanga kwa mafungu, na kesho yake anaandika ubaoni yale makosa yaliyojitokeza zaidi, kwa maneno yaleyale ya watoto: "mizizi inanyonya chakula", "mbolea ndiyo chakula", "jua ndilo chakula", "majani yanapumua usiku tu". Haulizwi nani aliandika nini. Hiyo ndiyo ghala ambamo watachota majibu ya uongo. Ukiiruka hatua hii, mpira na gari vitarudi.

Ndipo kila mmoja anatunga swali moja. Moja tu, wala si kumi, kwa sababu anayetunga kumi hunakili vichwa vya habari vya kitabu. Chaguo ziwe tatu. Najua wapo watakaosema kwamba mitihani mikubwa hutoa chaguo nne au tano, hivyo watoto wazoee. Lakini mwaka 2005 Michael Rodriguez, mtaalamu wa upimaji nchini Marekani, alikusanya matokeo ya utafiti wa miaka 80 kuhusu idadi ya chaguo, akahitimisha kwamba tatu zinatosha. Chaguo la nne na la tano mara nyingi ni yale ambayo hakuna anayeyachagua. Hata watunzi wenye ujuzi huhangaika kupata majibu matatu ya uongo yenye mvuto, sembuse mtoto wa miaka 12.

Mbele ya karatasi panaandikwa swali na chaguo zake. Nyuma panaandikwa jibu, na kwa kila chaguo sentensi moja ya maelezo: mtu atachagua hili kwa sababu gani, na kwa nini si sahihi, au kwa nini ni sahihi. Kama dakika hazitoshi, afadhali mwanafunzi amalize nyuma kuliko kuremba mbele. Ukitaka kujua kama ameielewa mada, geuza karatasi usome alichoandika nyuma.

Mwanzo wa swali nao unahitaji msaada. Mwaka 1996 Barak Rosenshine na wenzake wawili, Carla Meister na Saul Chapman, walipitia tafiti nyingi kuhusu kuwafundisha wanafunzi kutunga maswali, wakaona kwamba aina ya msaada anaopewa mtoto ina uzito. Miongoni mwa misaada iliyofanya kazi vizuri ni vianzio vya maswali ambavyo havijafungwa kwenye mada moja. Alison King, mtafiti wa elimu, alikuwa ameshavitumia sana katika kazi zake za kuwafanya wanafunzi waulizane. Kwa Kiswahili vinatosha hivi vitatu ubaoni: "Ingekuwaje kama…", "Kuna tofauti gani kati ya … na …", na "Kwa nini … ingawa …". Mtoto akianza na "Usanisinuru ni…" hana pa kwenda ila kwenye tafsiri ya kitabuni. Akianza na "Ingekuwaje kama jani lingefunikwa karatasi nyeusi…" analazimika kufikiri.

Hapo nisimame kidogo, kwa sababu kianzio hicho kimoja kinafungua jaribio zima. Mmea huwekwa gizani siku moja au mbili ili wanga uliomo kwenye majani utumike uishe. Kisha sehemu ya jani moja hufunikwa kwa karatasi nyeusi, na mmea hurudishwa juani kwa saa kadhaa. Jani hilo likichumwa huchemshwa kwenye maji, halafu kwenye spiriti iliyowekwa ndani ya maji ya moto, mbali na mwali, mpaka rangi ya kijani itoke. Likidondoshewa ayodini, sehemu iliyopata mwanga hugeuka bluu inayokaribia nyeusi, na ile iliyofunikwa hubaki na rangi ya udongo ya ayodini yenyewe. Mwanafunzi aliyeliona anaweza kutunga swali ambalo halimo kitabuni: kwa nini mmea ulianza kwa kuwekwa gizani? A. ili upumzike B. ili wanga wa zamani uishe C. ili majani yawe laini. Mwenye kukariri hatua bila kuelewa sababu atanaswa na A.

Sasa kubadilishana. Karatasi zisiwe na majina, bali namba ambazo mwalimu peke yake anazo kwenye orodha. Mtoto akijua swali ni la rafiki yake atalisifu, na akijua ni la yule anayewatisha wenzake atalisifu zaidi. Njia nyepesi ya kuzisambaza ni kwa mistari ya madawati: kila mstari unapitisha karatasi zake kwa mstari wa nyuma, na wa mwisho unaleta mbele. Mara tatu hivyo, na kila swali limesomwa na watu watatu wa mistari mingine.

Utaratibu wa msomaji una mpangilio ambao haufai kuvurugwa. Kwanza anajibu, na jibu lake analiandika kwenye kipande chake mwenyewe kabla ya kugeuza karatasi. Akigeuza mapema ataona jibu na kujiambia kwamba alilijua, na hapo faida kubwa ya zoezi imepotea. Kulivuta jambo kutoka kichwani bila kitabu huliimarisha kuliko kulisoma upya. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilionyesha hilo mwaka 2006: waliojipima kwa kukumbuka walikuwa nyuma kidogo ya waliorudia kusoma walipopimwa baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki moja waliwaacha mbali.

Baada ya kujibu anageuza, anasoma maelezo, kisha anaandika tathmini kwa kujibu mambo matatu. Je, kuna jibu moja tu lililo sahihi? Je, kila jibu la uongo linaweza kumnasa mtu ambaye hakuelewa? Je, kuna kitu ndani ya swali kinachofichua jibu? Maneno "swali zuri" hayakubaliwi, na "swali baya" pia hayakubaliwi. Anatakiwa ataje herufi na sababu. "Chaguo B halitamnasa mtu, weka mbolea badala yake" ni tathmini. Mwalimu afanye mfano mmoja mbele ya darasa zima, kwa swali alilotunga yeye mwenyewe likiwa na kasoro za makusudi, na awaache walikosoe bila huruma. Wakishaona kwamba la mwalimu limekosolewa na hakuna aliyekasirika, ndimi zinafunguka.

Jambo la tatu, kitu kinachofichua jibu, lina sura yake katika Kiswahili. Tazama swali hili:

Ili kutengeneza chakula, mmea huhitaji maji, mwanga wa jua na pia ______ inayoingia kupitia majani. A. udongo B. kabonidayoksaidi C. chakula

Hapa huhitaji sayansi. Neno "inayoingia" limeshachagua. Udongo ungedai "unaoingia" na chakula kingedai "kinachoingia", hivyo anayejua lugha yake anafika B bila kujua lolote kuhusu majani. Upatanisho wa ngeli huvujisha majibu namna hii hata katika karatasi za watu wazima waliozoea kutunga. Dawa yake ni kuandika swali lote hadi mwisho na alama ya kuuliza, badala ya kuacha pengo katikati: "Mbali na maji na mwanga wa jua, mmea huhitaji kitu gani ili kutengeneza chakula?" Hapo "kitu gani" hakimpendelei yeyote. Watoto wakishaonyeshwa mara moja huwinda kasoro hiyo kwa furaha, na somo la Kiswahili linafaidika bila kuandaliwa.

Mfichuzi mwingine ni urefu. Mtunzi huogopa jibu lake sahihi lisipingwe, basi hulipamba kwa masharti na maelezo, huku majibu ya uongo yakibaki neno mojamoja. Ukiona chaguo moja limejaa mstari mzima na mengine mafupi, chagua lile refu na mara nyingi utapata. Afupishe hilo, au ayarefushe mengine. Na "yote hapo juu" lipigwe marufuku kabisa, maana akijua mawili ni sahihi hana haja ya kulifikiria la tatu.

Karatasi zinarudi kwa wenyewe kwa namba, kila moja na vipande vitatu vya tathmini. Mtunzi anapewa dakika kama 15 kurekebisha. Si lazima akubali kila anachoambiwa, ila akikataa aandike kwa nini. Mara nyingi sehemu hii hukatwa kengele inapokaribia. Ni kosa, kwa kuwa mtoto aliyeambiwa kasoro yake asipewe nafasi ya kuiondoa atajua tu kwamba amekosolewa. Afadhali kupunguza wasomaji kutoka watatu hadi wawili kuliko kuondoa marekebisho.

Ipo hatari moja ambayo watetezi wa kazi hii huipita haraka, nami sitaki kuipita. Tuseme swali namba 27 linauliza: mimea hupumua wakati gani? A. mchana B. usiku C. mchana na usiku. Mtunzi ameandika nyuma kwamba jibu ni B, kwa kuwa mchana mmea uko kwenye usanisinuru. Wasomaji wawili kati ya watatu wamechagua B pia, na wamefurahi kuona wamepata. Wote wamekosea. Mmea hupumua saa zote, kama kiumbe hai chochote. Mchana tu oksijeni inayotolewa na usanisinuru huzidi ile inayotumika kupumua, ndiyo maana upumuaji hauonekani kwa urahisi. Wanafunzi watatu wametoka darasani na kosa lililogongwa muhuri na wenzao. Wingi wa kura haukusaidia, kwa sababu kosa lilikuwa la wengi.

Kwa hiyo mwalimu hawezi kujitoa. Jioni ileile, kabla ya kipindi kijacho, anageuza karatasi zote 60 na kusoma jibu na maelezo ya nyuma. Kwa dakika moja kila moja, hiyo ni saa nzima. Anatafuta mambo mawili: majibu yaliyokosewa, na maswali ambayo wasomaji wake hawakukubaliana. Hayo ya pili ndiyo hazina. Palipotokea ubishi, ama swali lina majibu mawili, ama darasa limegawanyika juu ya jambo lenyewe. Yale yaliyokosewa yarudishwe darasani kipindi kinachofuata, kwa namba, na yajadiliwe mbele ya wote. Namba 27 linafaa dakika kumi nzima.

Mwalimu asiye na saa hiyo kwa wiki husika ni heri aahirishe. Au alipe darasa kazi ndogo zaidi: kila dawati la watu watatu litunge swali moja, na mzigo wake unashuka hadi karatasi 20.

Kutokana na yote, mwalimu anachagua maswali matano na kuyafanya jaribio fupi la wiki ijayo. Hapa ndipo majibu ya uongo yanapimwa kwa vitendo. Tuseme lile la mhindi lilijibiwa na wote 60, wakachagua hivi: A watu 24, B watu 9, C watu 27. Kila chaguo lina kazi. Kama B lingepata watu wawili tu lingehitaji kubadilishwa, na kama lisingechaguliwa na yeyote lingekuwa sawa na gari.

Kisha panga karatasi kwa jumla ya alama, kuanzia aliyepata nyingi. Chukua 15 za juu na 15 za chini, uhesabu waliopata swali hilo katika kila kundi. Wakiwa 12 juu na 3 chini, tofauti ni 9, na 9 ukigawanya kwa 15 unapata 0.6. Swali hilo linatenganisha vizuri walioelewa na ambao bado. Likikaribia sifuri, haliwatofautishi. Likiwa hasi, yaani wa chini wamelipata kuliko wa juu, kwanza rudi ukague kama jibu lililowekwa ni sahihi, kwa sababu mara nyingi kasoro iko hapo, au maneno ya swali yana maana mbili na wenye kufikiri sana ndio waliopotea. Kwa jaribio la maswali matano hesabu hii ni ya kukadiria tu, lakini inatosha kujua lipi la kuhifadhi. Na matokeo hayo yaonyeshwe watunzi. Mtoto akiona kwamba jibu lake la A limewanasa 24, ataandika la pili kwa makini zaidi.

Alama ni suala linaloharibu kazi hii upesi. Wakipewa alama kwa kadiri wenzao walivyolipenda swali, watapeana. Wakipewa kwa idadi ya maswali, watajaza magari. Mimi ningetoa alama kidogo, tena na mwalimu, kwa mambo mawili pekee: maelezo ya nyuma ya karatasi, na tathmini zenye sababu. Tathmini za wenzao ziwe za kurekebishia swali, zisiingie kwenye ripoti ya muhula.

Vyuo vikuu vimelifanya jambo hili kwa ukubwa zaidi. Katika Chuo Kikuu cha Auckland, Nyuzilandi, Paul Denny alitengeneza mfumo wa kompyuta uitwao PeerWise, ambamo wanafunzi hutunga maswali ya kuchagua pamoja na maelezo, hujibu ya wenzao, huyapa daraja na kuyatolea maoni. Yeye na wenzake waliueleza kwenye maandishi ya kitaaluma mwaka 2008, na baadaye ukatumika katika nchi nyingi. Ukiutazama kwa makini, kila kipande chake kina mwenzake kwenye zile karatasi: namba badala ya jina, kujibu kabla ya kuona, maelezo ya kila jibu. Kompyuta huongeza hesabu ya haraka na ghala lisilojaa.

Kwenye shule isiyo na kompyuta, ghala ni daftari moja la kaunta kwa kila somo. Swali moja kwa ukurasa, na chini yake tarehe, darasa, wangapi walichagua A, B na C, na ile tofauti ya juu na chini. Darasa la mwaka ujao lisipewe maswali hayo kama yalivyo, maana ndugu huambiana. Lipewe namba za waliochagua majibu ya uongo, na liulizwe: kwa nini watu 24 walisema udongo? Jan Baptista van Helmont, tabibu wa Brussels, alipanda mche ndani ya takribani kilo 90 za udongo mkavu, akaumwagilia miaka mitano. Kitabu kilichochapishwa 1648, baada ya kifo chake, kinaeleza kwamba mti uliongezeka zaidi ya kilo 70, na udongo ukapungua kama gramu 60 tu. Akasema basi mti umetokana na maji. Hewa hakuihesabu. Darasa la sita linaweza kutunga swali kutoka hapo, lenye majibu mawili ya uongo yaliyo hai: moja ni la mkulima, na lingine ni la van Helmont.